Dola Kumi na Tano za Kanyere

Papa Mathe Phinées alikuwa mutu wa kulipa masomo kwa kelele. Bengine banalipa, banachukua reçu ya kuonyesha balilipa, banarudia nyumbani kupika. Yeye hapana. Akitoa dola moja, Butembo nzima ilikuwa inajua, toka ku soko mupaka ku kanisa, na kama ungelala usingizi asubui, angekuamusha akuambie.

Miye Katungu, muuza samaki, jirani yake, njo nilikuwa nasikia ya kwanza. Mulango yangu na mulango yake binaangaliana. Nilikuwa mu comité ya bazazi ya masomo pia, basi hata nikifunga mulango, alikuwa ananifuata soko, pale nauzisha bitoyo, samaki ya chumvi ya Kyavinyonge, ananisimamia mbele ya baclients na kusema: "Mama Katungu, unaniona? Miye sina deni ya mutu!" Baclients banamuangalia yeye, nzi banaangalia samaki yangu. Nilikuwa nakasirika sana.

Lakini tusimuonee. Mutu alikuwa na kazi ngumu. Alikuwa anatafuta mbao kule ngambo ya Kamango, anazishusha Beni, anazipandisha Butembo. Ilikuwa miaka ile ya vita, wakati kila kilima ilikuwa na mukubwa wake na kila mukubwa alikuwa na kamba yake mu barabara. Unafika ku barrière, basoda banakuuliza "mbao ni za nani?" Unasema "ni zangu." Banasema "sasa ni zetu sisi wote, kata kidogo." Unakata. Mbele kidogo, kamba ingine, basoda bengine, na bale bakwanza banabaita baasi. Wote banakula mu mufuko moja, yako.

Mutoto wa masomo alikuwa naye moja, Kanyere Ornella, msichana wa sauti ya polepole. Alikuwa anamalizia sixième pédagogique, mwaka ya mwisho ya masomo ya ualimu. Kama angepata diplome, angekuwa mwalimu, na Papa Mathe alikuwa amesha kununua kitambaa ya suti ya siku ya proclamation, siku ya kutangaza bale bamepita. Frais, makuta ya kulipa masomo, kwa mwaka ilikuwa dola makumi sita, na kumi na mbili ya kushiriki Examen d'État, mtihani ya serikali. Makumi saba na mbili. Hii hesabu tuishike, juu kila kitu inatoka pale.

Basi mwenyewe alikuwa na akili yake juu ya kulipa. Alikuwa anasema: "Feza ikipita njia moja tu, basoda batajua iyo njia. Miye feza yangu inapita njia mingi." Na kweli ilipita mingi.

Mwezi wa tisa alipeleka dola makumi mbili kwa mukono wake, ku dirisha ya économe, mushika feza ya masomo. Kisha akaleta mbao kumi za kutengeneza babancs ya kukalia batoto, akapatana na préfet, mukubwa wa masomo, bahesabu mbao mu frais. Kisha, mwezi wa pili, akiwa Beni, barabara imefungwa, akatuma kumi na tano kwa phonie: unapeleka makuta kwa mufanya biashara wa Beni, anasema ku radio, na mwenzake wa Butembo anatoa makuta ile ile kwa mutu ulitaja. Ya mwisho, dola kumi, alikutana na mwalimu Zorobabel mu nganda moja ya pombe, akamupatia pale pale kati ya machupa mbili: "Enseignant, hii ni ya Ornella, utafikisha." Zorobabel akasema: "Ndeko, hakuna shida." Mutu akikuambia hakuna shida, njo wakati wa kukaa chini na kutafuta shida iko wapi.

Mu ile miezi kulikuwa na jambo ingine ku kanisa, mu groupe yetu ya maombi. Kulikuwa mujane moja, Mama Vagheni, mutu wa Kipese. Vita ilimufukuza kule na batoto na sufuria moja. Alikuwa analima shamba za bantu, anauzisha kabichi, na mutoto wake Kanyere Joyeuse alikuwa mu sixième moja na Ornella. Siku moja akasimama mu maombi, analia na kucheka pamoja. Anasema: "Bandugu, nilienda ku masomo na dola mbili mu leso, naogopa, juu nilibakia na deni ya dola kumi na tano. Papa économe anafungua kitabu, ananiambia: Mama, weye umesha kumaliza! Kumi na tano iliingia. Nani alilipa? Miye sina ndugu mwenye makuta. Ni Nyamuhanga, Mungu mwenyewe!"

Tulipiga makofi mupaka mabati ikalia. Bamama balicheza. Papa Mathe alikuwa pale, mu suti ya kila siku ya Mungu, na wakati tulitoka inje akanisogelea. "Ni vizuri," anasema, "ni vizuri sana. Bengine Mungu anabalipia. Miye najilipia mwenyewe."

Nilichukua njia yangu. Kuna bantu, ukibajibu, unabapa chakula.

Sasa, mwezi wa ine, siku ya kwanza ya juma, wakati wa kusalimu bendera, économe akasimama na liste. Iyi économe ni Papa Kalala, mutu wa Kasai. Serikali ilimutuma huku zamani, kisha serikali ikamusahau. Mushahara yake ilikuwa inatoka Kinshasa na haikuwa inafika. Mutu mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi. Mu bureau yake kulikuwa karatasi ku kikuta: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Iko pale kwa kuziba fasi mvua inapitia. Akasoma majina ya benye deni, na katikati yao: "Kanyere Ornella, reste dola makumi tano na mbili. Atoke." Na préfet, Papa Hénock, akaongeza kwa ile sauti yake ya misa kuu: liste ya bafinaliste, bale ya Examen, inaenda ku Inspection ya serikali siku ya tatu, saa sita ya muchana, na gari iko moja tu, basoda banaisindikiza. Mwenye deni, jina yake haiingie. Akangojee mwaka kesho, kama mwaka kesho itakuwako.

Ornella alirudi nyumbani na kitabu yake ku kichwa, juu mvua ilikuwa inanyesha. Aliingia kwangu, hapana kwao. Hakulia. Aliniuliza kitu moja tu: "Mama Katungu, baba alisema ya kweli ao alikuwa anasema tu?" Hii maulizo ilinichoma. Mutoto asifike fasi ya kuuliza vile juu ya baba yake. Nilituma neno Beni.

Papa Mathe alifika kesho yake magaribi, matope mupaka ku magoti. Alikuja anasukuma kinga yake, baiskeli. Ile kinga alikuwa anaipenda kuliko bantu fulani wa famille, ndugu zake wa damu, kinga ya Uganda, rangi ya kijani, aliipaka mafuta kila siku ya mungu. Hakusalimia. "Makumi tano na mbili? Miye? Miye? Nimelipa makumi saba! Nabakiza mbili! Ule mutu wa Kasai amekula feza yangu, nasema, ameikula na fufu!"

Hapa nikawaka na miye. "Kesho tuko wote ku bureau ya économe," namuambia. "Na weye unakuja na bikaratasi, hapana na kinywa."

"Bikaratasi ya nini? Kila kitu iko mu kichwa yangu."

"Basi tuombe mvua isiingie pale," namujibu, na mama Ornella, Jeannine, akacheka mbele ya kujikataza. Yeye mwenyewe, mama Ornella, njo alienda kutosha reçu moja chini ya godoro. Moja. Ile ya mwezi wa tisa.

Siku ya tatu asubui tulikuwa pale mbele ya kengele. Ku benchi ya inje, pembeni ya mulango, nilimukuta Mama Vagheni amekaa na kitunga ya kabichi. Alikuja kupigisha cachet, muhuri ya masomo, ku karatasi ya mutoto wake kwa Examen. Tukasalimiana, tukaingia.

Papa Mathe alianza kupiga kelele mbele ya kukaa. Papa Kalala akamuacha akamalize, akavaa miwani, akatosha karatasi mweupe, akapiga laini katikati. "Papa," anasema, "upande huu nitaandika vile unasema ulitoa. Upande huu, vile iliingia ku masomo. Deni hapana kupunguka siku feza inatoka mu mufuko yako. Inapunguka siku inaingia humu. Tuanze."

"Makumi mbili, kwa mukono yangu!"

Reçu iko, namba yake iko mu souche, kipande yenye inabakia ku kitabu. Akaandika pande zote mbili. Makumi mbili.

"Mbao! Makumi mbili na tano!"

"Sina mbao mu kitabu," anasema Papa Kalala. "Bon, karatasi ya kuonyesha ziliingia, iko wapi?"

"Préfet aliandika bon!"

Tukaita préfet. Papa Hénock akaingia kama mutu anakuja kubariki. Ah, mbao, ndiyo, mbao. Akaenda kutafuta mu tiroir ya meza yake, tunasikia anahamisha vitu: craie ya kuandikia ku ubao, chupa tupu, bifunguo bya milango yenye haiko tena. Akarudi na karatasi yenye imepata rangi ya chai. Bon ilisema: mbao kumi, dola kumi na munane.

"Makumi mbili na tano!" Papa Mathe anapiga meza.

"Kumi na munane," anasema préfet. "Tulipatana bei ya soko."

"Na barrière je? Saba nilitoa mu barrière! Kama mbao ni za masomo, na barrière ni ya masomo!"

Kusema kweli, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mutu anahesabia mutoto wake rushwa ya basoda mu frais ya masomo! Papa Kalala hakucheka. "Papa, miye pia basoda balikula saa yangu. Sikuiandika mu kitabu ya masomo. Kumi na munane." Akaandika mu upande ya kuingia, akashika namba ya bon, kisha akamuangalia préfet: "Na mbao kumi, mon préfet? Miye naona babancs ya mbao munane."

Préfet akakohoa. Kumbe mbao mbili zilikuwa kitanda yake. "Ni kitanda ya service, ya kazi," anasema. Papa Kalala akaandika na ile: mbao munane, babancs, mbao mbili, préfet, kwa kurudisha. Sijawai kuona mutu anaandika polepole vile na kuumiza vile.

"Kumi, nilimupatia Zorobabel."

Zorobabel alitoka mu klasi na craie ku mukono. Akaangalia mawe ya inje, akaangalia mabati. "Ni kweli," anasema, "nilipokea. Lakini masomo ilikuwa na deni ya prime yangu, ile feza bazazi banalipa balimu, ya miezi mbili. Nikajilipa. Ni kama ilipita ku caisse, ku sanduku ya feza, ila ilikata kona."

"Ilikata kona ikaanguka mu machupa," namuambia.

"Mama Katungu, tafazali. Nina batoto pia."

Hapo nikamuachilia, juu ni kweli, ana batoto, na prime ya dola tano kwa mwezi hapana kitu. Papa Kalala akaandika laini mbili: kuingia, kumi, toka kwa Mathe kwa Ornella, kutoka, kumi, prime ya Zorobabel. Zorobabel akasinya ku ile ya pili. "Sasa njo imepita ku caisse," anasema Papa Kalala. "Usiku ule mu nganda haikupita, ilikuwa inatembea tu."

Makumi mbili, na kumi na munane, na kumi: makumi ine na munane. Papa Mathe alikuwa ameanza kushuka sauti. Ilibakia ya phonie.

"Kumi na tano," anasema, "nilituma Beni, mwezi wa pili. Ile hakuna mutu alikata."

Phonie iko karibu, nyuma ya duka moja ya sabuni. Tukaenda wote, Papa Kalala na kitabu yake chini ya koti. Mwenye phonie, Élisée, kijana wa kusema haraka, akafungua cahier, daftari ya mamesaji. Iko pale: toka Beni, Mathe, dola kumi na tano, kwa masomo, "Kanyere, sixième péda". Na pembeni signature ya Papa Kalala, alipokea.

"Unaona!" Papa Mathe anaruka. "Unaona! Alipokea! Muizi!"

Lakini miye nilikuwa naangalia uso ya Papa Kalala. Ilikuwa inakauka. Akafungua kitabu yake mwezi wa pili, kidole yake ikashuka, ikasimama.

Sasa bale banajua desturi yetu bamesha kuelewa. Kwetu Banande jina hapana kuchaguliwa. Mutoto anazaliwa, namba yake ya kuzaliwa inamupatia jina. Kanyere ni Kanyere juu alizaliwa fasi ya Kanyere. Piga kelele "Kanyere!" mu soko ya Butembo, bageuke wanawake ya kujaza camion. Tukisema kwetu nyumbani tunaongeza "wa Mathe", "wa kilima fulani". Lakini Papa Mathe, Munande toka tumbo ya mama, alitaja ku radio Kanyere tu. Kwake dunia ilikuwa na Kanyere moja. Na Papa Kalala, mutu wa Kasai, aliingia mu liste ya sixième, akatafuta Kanyere, akaona moja, akaandika. Hakuteremuka laini moja chini. Kanyere Joyeuse anakuja mbele ya Kanyere Ornella, juu J inakuja mbele ya O.

Tulirudi ku bureau. Ku benchi, Mama Vagheni alikuwa angali pale. Alisimama na akamushika Papa Mathe mukono na mikono yake mbili.

"Baba Ornella," anasema, "nilisikia balimufukuza mutoto. Usiku nilimuombea. Usiogope. Ule Mungu alinilipia miye, atakulipia na weye."

Papa Mathe alifungua kinywa. Miaka yote niliishi mbele ya ule mutu, ile njo mara ya kwanza niliona kinywa yake inafunguka na hakuna kitu inatoka. Akamuitikia na kichwa, akaingia.

Papa Kalala alikuwa amesha kukaa. Alichukua règle ya kunyoosha laini na bic, kalamu nyekundu. "Kosa ni yangu," anasema, sauti chini, juu mulango haikuwa inafunga muzuri. "Inatengenezwa hivi: napiga laini moja ku kumi na tano ya Joyeuse, hapana kufuta, inabaki inasomeka. Naandika 'erreur', ni kusema kosa, nasinya, naihamisha kwa Ornella. Ornella anakuwa makumi sita na tatu. Anabakiza tisa. Papa, tisa unaweza kutafuta mbele ya saa sita."

"Na Joyeuse?" namuuliza.

"Joyeuse anabakiza kumi na tano. Naondoa jina yake ku liste."

Inje tulisikia Mama Vagheni anaimba wimbo ya groupe yetu, polepole, vile mutu anaimba akiwa hana haraka. Nilihesabia kabichi yake mu kichwa, sikutaka, ilijihesabia yenyewe. Kumi na tano haikuwa mu ile kitunga. Haikuwa mu shamba yake nzima.

Papa Kalala akaweka règle ku laini.

"Ngoja," anasema Papa Mathe.

"Papa, saa inaenda."

"Ngoja, nasema! Kwani kitabu inakimbia?" Akasimama, akaenda ku dirisha, akarudi. Jasho ilikuwa inamutoka ku shingo. "Ni feza yangu?"

"Ni yako. Hakuna mutu anaweza kukataa."

"Cahier ya Élisée inasema ni yangu?"

"Inasema."

"Mama Katungu umesikia? Nilikuwa na haki?"

"Ulikuwa na haki," namuambia. "Uliitafuta mupaka uliipata."

Akakaa. Akavuta pumzi kama mutu anabeba muti muzima. "Basi acha ile laini."

"Papa, kitabu hapana kujua huruma," anasema Papa Kalala. "Kama naacha kumi na tano pale, Ornella hana makumi sita na tatu. Ana makumi ine na munane. Reste ni makumi mbili na ine, na miye siwezi kupunguza hata moja, ungenipigia magoti."

"Nani amekuomba kupunguza? Nilisha kukuomba kupunguza, miye? Makumi mbili na ine, nalipa makumi mbili na ine!"

"Na lazima usinye, kusema umekubali feza yako ikae kwa mutoto mungine. Na niandike nani alilipa."

"Andika Mungu."

"Mungu hana signature, Papa."

"Kwani pale uliandika nani mwezi wa pili?"

Papa Kalala akaangalia. Mu kolone ya mulipaji, ile siku, hakusoma mutumaji ni nani, Élisée alimutajia mutoto tu, akaandika neno moja, vile anaandikaka akiona mutu hajitaje. Akamugeuzia kitabu. Papa Mathe akasoma, midomo inatembea. Kisha akashika bic, akaweka jina yake kidogo sana mu pembeni, yeye wa signature ya kujaza karatasi.

"Ule mama alisha kutoa ushuhuda mbele ya Mungu na bantu," anasema. "Munataka nimufanye muongo?"

Nyamuhanga wangu! Nilitaka kumukumbatia na nilitaka kumupiga na samaki.

Lakini makumi mbili na ine haikuwako. Saa ine ilikuwa imepita. Mufuko yake ilikuwa na dola ine na bafranka ya kununua mukate. Akatoka inje, akaangalia kinga yake, akaishika ku usukani, akanigeukia miye.

"Mama Katungu."

"Hapana," namujibu.

"Hata sijasema!"

"Najua utasema. Miye hapana banque."

"Makumi mbili. Kinga inakaa kwako mupaka nitakulipa."

Nilikuwa na ile feza, ilikuwa ya kuenda kununua samaki Kyavinyonge, na miye si mutakatifu, muniache. Niliichukua kinga. Niliiangalia mu frein na mu chaîne mbele ya kutoa hata dola. Papa Kalala akarudisha moja ya manoti yangu, ya kumi, juu ilikuwa ya kichwa kidogo, ile noti ya zamani bantu banakataa, nikamutukana, nikakimbia kuibadilisha soko, nikarudi napumua kama mbuzi. Na ile mara, Papa Mathe hakulipa kwa kelele. Alisimama ku dirisha, akasema polepole, neno kwa neno, na alingoja kila neno iandikwe: "Kanyere Ornella. Sixième péda. Mutoto wa Mathe Phinées na Jeannine. Dola makumi mbili na ine. Kwa mukono ya baba yake. Reste?"

"Reste zéro," anasema Papa Kalala.

"Andika zéro. Na maherufi."

Gari ilienda saa sita na kidogo, basoda bamekaa juu ya mifuko, na liste mu enveloppe. Majina mbili ya Kanyere ilikuwa humo, moja juu ya ingine.

Siku ya mungu, mu maombi, Mama Vagheni akasimama tena. "Bandugu, munaona? Niliwaambia! Nilimuombea Baba Ornella, na Mungu alimulipia na yeye!" Groupe nzima ikageuka kumuangalia Papa Mathe. Nilikuwa nangojea: sasa atasema, sasa ule mutu atapasuka. Akasimama, akanyoosha suti.

"Amen," anasema. Akakaa.

Kinga ilikaa kwangu mupaka mbao ikatembea tena, mwezi wa saba. Kila magaribi alikuwa anakuja kuiangalia, na kila mara nilikuwa natafuta maneno ya kumuchokoza, na kila mara nilikuwa namupa kiti tu. Batoto wote mbili balipata diplome. Proclamation ilitangazwa, akavaa suti mupya, na kwa jina ya Ornella alipiga kelele ya kufukuza ndege ku miti. Kwa jina ya Joyeuse pia alipiga. Bantu balifikiri amelewa.

Sasa vita imeisha, ao banasema imeisha. Mama Vagheni amelala kule Kipese, Mungu amupumzishe. Joyeuse mwenyewe anafundisha. Papa Mathe angali anatangaza: mabati aliyonunua, mbuzi, hata musumari. Ile moja hakuisema, na miye nikimugusia anajifanya hasikie, njo maana naisema miye.

Kitabu ya ule mwaka iko mu armoire, kabati ya masomo. Niliomba kuiona, Papa Kalala akiwa angali hai. Mwezi wa pili, Kanyere Joyeuse, dola kumi na tano, kwa phonie. Mulipaji: famille.